Upepo Uko Upande Gani? Kuisoma Picha ya Jahazi la Machweo

Jahazi lililotweka tanga mbele ya jua linalozama limechorwa kwenye kanga, fulana, kalenda, kuta za hoteli na mabango ya mawakala wa safari. Watu wa bara wanalipenda, wageni wanalinunua, na watu wa pwani wamelizoea kiasi kwamba hawalitazami tena. Ila mpe picha hiyo mtu aliyewahi kushika usukani, naye hatachelewa kuuliza: hili jahazi linakwendaje? Tanga limevimba kwa upepo, lakini maji hayana hata kiwimbi. Mlingoti umeinama kuelekea nyuma. Tanga limefungiwa mti kwa chini, mti ambao mafundi wetu hawaujui. Kamba zimechorwa kwa kuwa msanii alikumbuka tu kwamba chombo huwa na kamba.

Rangi kwa kawaida hazina kasoro. Kinachokosekana ni upepo. Kwenye chombo cha tanga kila kitu kimekaa mahali pake kwa sababu ya upepo, na ukishajua unatoka wapi, unaweza kusema tanga litakuwa upande gani, kamba ipi imekazwa na ipi imelegea, mabaharia wamekaa wapi, na hata mwanga wa jua utapita wapi. Tuchukue mahali pamoja na msimu mmoja: Forodhani, Mji Mkongwe wa Zanzibar, jioni ya mwezi wa Julai.

Mahali hapo nimepachagua kwa makusudi. Pwani yetu ya bara inatazama mashariki. Mtu wa Dar es Salaam au Mombasa huliona jua likichomoza baharini, na jioni linazama nyuma yake, nchi kavu. Hata mji wa Lamu umeelekea Manda, kwa hiyo machweo yake hutokea nyuma ya nyumba. Anayetaka jua lizame baharini lazima asimame upande wa magharibi wa kisiwa: Mji Mkongwe au Kendwa kwa Unguja, Mkoani kwa Pemba, Kilindoni kwa Mafia. Ukiona picha ya machweo ya baharini iliyoandikwa "Mombasa", ujue au ni macheo, au maelezo yake hayakuandikwa na mtu wa huko.

Mti, tanga na kamba

Tuanze na mlingoti. Jahazi la kawaida la pwani yetu lina mlingoti mkubwa mmoja, nao haukusimamishwa wima. Umeinamia mbele, upande wa omo. Sababu yake ni foromali, ule mti mrefu unaobeba tanga. Foromali ya jahazi inaweza kukaribia urefu wa chombo chenyewe, na mara nyingi si mti mmoja. Ni miti miwili au zaidi iliyopishanishwa na kufungwa kwa kamba iliyozungushwa mara nyingi, kwa hiyo ukiitazama kwa karibu utaona vifundo vinene kwenye maungio. Mti mzito namna hiyo ukitundikwa kwenye mlingoti ulioinama mbele, unaning'inia mbali kidogo na mlingoti na kupata nafasi ya kugeuka. Mlingoti ungeinamia nyuma, foromali ingeulalia na kuusugua safari nzima.

Foromali haikai sawasawa kama msalaba. Ncha yake ya mbele inashuka hadi karibu na omo, na sehemu ndefu inapaa juu kuelekea nyuma. Kinachoipandisha ni jarari, ambayo wengine huiita henza. Kamba hiyo nene inatoka kwenye foromali, inapita kwenye kichwa cha mlingoti, kisha inashuka kwa nyuma na kukazwa kwa makapi. Kwa kuwa inavuta kuelekea nyuma, inafanya kazi mbili kwa pamoja: inabeba uzito wa foromali na tanga, na inauzuia mlingoti usizidi kuinama mbele. Mchoraji akiisahau, amechora mlingoti ambao usingemaliza safari.

Kuna pia kamba za kuushikia mlingoti kwa pembeni. Kwenye meli za Kizungu kamba hizo zimekazwa pande zote mbili daima. Kwenye jahazi haziwezi kukaa hivyo, kwa sababu tanga na foromali vinahitaji kupita. Zinakazwa upande wa joshi, yaani upande unaotoka upepo, kwa kuwa ndiko mlingoti unakohitaji kuzuiwa. Upande wa demani, ule ambao upepo unauelekea, zinalegezwa au kuondolewa njiani. Chombo kikigeuza upepo, nazo zinahamishwa. Kwa hiyo picha inayoonyesha kamba zilizokazwa sawasawa kushoto na kulia, huku tanga limejaa, imechanganya vyombo viwili vya asili tofauti.

Tanga lenyewe limefungwa kwenye foromali kwa urefu wake wote kwa vikamba vifupi. Halikufungwa kwenye mlingoti. Ukingo wake wa chini uko huru, hakuna mti unaoushikilia. Pembe ya mbele inafungwa chini karibu na omo, na pembe ya nyuma inavutwa kwa kamba iitwayo demani, ambayo ndiyo baharia anayoishika mkononi. Akiikaza, tanga linaingia ndani, akiilegeza, linafunguka. Kwenye ngalawa na vyombo vidogo tanga huwa la pembe tatu kamili. Kwenye majahazi makubwa mara nyingi pembe ya mbele imekatwa, ikabaki na ukingo mfupi kwa mbele, kwa hiyo ukihesabu vizuri utapata pembe nne.

Anayetaka kuona vitu hivi vikiwa kazini, na si kwenye michoro ya makumbusho, atafute picha za Alan Villiers. Huyu alikuwa baharia na mwandishi kutoka Australia. Mwaka 1938 alipanda chombo cha Kuwait kilichoitwa Bayan, nahodha wake akiwa Ali bin Nasir al-Najdi, wakaja nacho hadi Zanzibar na mdomo wa Rufiji kuchukua boriti za mikoko. Bayan lilikuwa kubwa kuliko majahazi yetu mengi, lakini mfumo wa foromali, jarari na demani ni ule ule, na katika picha zake unaona mabaharia wakiwa wameshikilia kila kamba kwa sababu.

Upepo wa Julai

Sasa tusimame Forodhani tukitazama magharibi. Ni Julai, msimu wa kusi. Chukulia upepo unavuma kutoka kusini-mashariki, jambo la kawaida katika miezi hiyo. Maana yake upepo unatupiga mgongoni, kwa upande wa bega la kushoto. Mbele yetu jahazi linapita kutoka kushoto kwenda kulia, linaelekea kaskazini.

Kwa jahazi hilo, upepo unatoka nyuma kwa upande wa kulia, na upande wake wa kulia ndio unaotutazama sisi. Basi joshi iko upande wetu na demani iko upande wa pili, upande wa jua. Tanga siku zote linakaa upande wa demani, kwa hiyo sisi tunauona mlingoti ukiwa mbele na tanga likiwa nyuma yake. Tanga limevimba kutukimbia, tumbo lake likielekea jua. Kamba za pembeni zilizokazwa ni hizi za upande wetu. Mabaharia, kama upepo una nguvu kidogo, wamekaa upande huu pia ili kukisawazisha chombo, na ubavu wa chombo tunaouona umeinuka kidogo kutoka majini.

Jambo moja zaidi hapa huwapotosha wengi. Kwa kuwa upepo unatoka nyuma, demani imelegezwa na tanga limefunguliwa nje sana. Kwa mtu anayelitazama jahazi ubavuni, tanga lililofunguliwa hivyo linaonekana jembamba, kama nusu ya upana wake. Wachoraji hulichora kwa upana wake wote kwa sababu ndivyo linavyopendeza. Kama unataka tanga pana, subiri jahazi linalotoka kwenda nje likikupa mgongo. Hapo utaona upana wote wa tanga na tezi ya chombo, ila hutauona ubavu.

Mwezi wa Januari mambo yanageuka, lakini si yote. Kaskazi inavuma kutoka kaskazini-mashariki, na vyombo vinavyopata upepo mzuri vinaelekea kusini, kutoka kulia kwenda kushoto. Hata hivyo upepo bado unatoka upande wa mashariki, yaani upande tulikosimama. Tanga bado liko upande wa pili wa mlingoti. Kwa hiyo mtu wa Forodhani, katika kusi ya kusini-mashariki na katika kaskazi, ataona mlingoti ukilikata tanga kwa mbele kama mstari mweusi. Picha iliyopigwa kutoka hapo ikionyesha tanga likiuficha mlingoti, basi siku hiyo upepo ulikuwa na asili ya magharibi, au ni chombo kidogo kilichogeuka haraka bila kuhamisha tanga. Hilo la pili hutokea kwa ngalawa. Utalitambua kwa sababu tanga linabanwa na mlingoti na kufanya mkunjo pale linapougusa.

Kwa jahazi kubwa jambo hilo haliachwi liendelee, kwani tanga lingechanika na nguvu ingepotea. Linapotaka kubadili upande, nahodha huligeuza liupe upepo mgongo. Demani inaachiliwa, foromali inasimamishwa karibu wima, kisha tanga linazungushwa kwa mbele ya mlingoti na kupelekwa upande mwingine, na kamba za pembeni zinahamishwa kufuata. Ni kazi ya watu kadhaa, na ndiyo sababu nahodha haigeuzi hovyo.

Maji shwari yana kiwango chake

Picha ya machweo hupendwa ikiwa na maji yaliyotulia. Lakini utulivu una ngazi. Maji yakiwa kioo kitupu, upepo haupo au hauhisiwi. Hapo tanga haliwezi kujaa. Linaning'inia na kukunjika, foromali inayumba, na mabaharia wanasubiri au wanapiga makasia. Hiyo nayo ni picha ya kweli, na pengine nzuri zaidi, mradi tanga lichorwe limelala.

Tanga lianze kujaa, unahitaji upepo wa kama noti 4 hadi 6, ule unaouhisi usoni na unaotikisa majani. Upepo huo tayari unaandika viwimbi vifupi juu ya maji, visivyo na povu. Chombo nacho kinaacha mkia mdogo nyuma. Basi kanuni ni rahisi: tanga lililojaa linataka maji yenye mikunjo midogo, maji ya kioo yanataka tanga lililolegea. Mbele ya Mji Mkongwe hali ya kwanza inapatikana mara nyingi, kwa sababu upepo wa mashariki unatoka nchi kavu na haujapata umbali wa kutosha kuinua mawimbi makubwa. Tanga hupata upepo juu, na maji chini hubaki mapole.

Mikunjo hiyo ndiyo inayobadili sura ya jahazi majini. Kwenye kioo, kila ncha ina mwenzake chini yake kabisa, kwa mstari wa wima. Mlingoti ulioinamia kulia unaonekana majini ukiinamia kulia vilevile, ila ukielekea chini. Wachoraji wengi huugeuza kushoto. Kwenye viwimbi, sura ile inakatika vipande vya mlalo na kurefuka kuja kwa mtazamaji. Njia ya mwanga wa jua pia inakuja moja kwa moja kwetu kutoka chini ya jua. Haiwezi kuelekea kwenye jahazi ikiwa jua liko pembeni yake.

Mwanga wa ukingoni

Mwanga unaopendwa katika picha hizi ni ule mstari mwembamba wa dhahabu unaopita kwenye kingo za vitu: kwenye ubao wa juu wa chombo, bega la baharia, upande mmoja wa kamba. Unatokea jua likiwa nyuma ya kitu, lakini kwa pembeni kidogo. Jua likiwa nyuma kabisa ya chombo na likigusa maji, unachopata ni umbo jeusi tu, ambalo pia lina uzuri wake. Jua likiwa mgongoni kwako, ubavu wote unaangazwa na mstari haupo.

Jua linalozama lina rangi ya joto kwa sababu mwanga wake unapita kwenye hewa nyingi zaidi. Likiwa kwenye upeo wa macho, mwanga unakatiza hewa ya kama mara 38 kuliko likiwa utosini. Njiani rangi ya buluu inatawanywa, na nyekundu na manjano ndizo zinazofika.

Kwetu muda huo ni mfupi, kwa sababu karibu na ikweta jua linashuka karibu wima. Nyoosha mkono na kunja ngumi: upana wa ngumi kwenye anga ni kama digrii 10, na jua linahitaji takriban dakika 40 tu kuushuka. Katikati ya Julai Zanzibar jua linazama kama saa 12 na dakika 20 na ushei jioni. Anayetaka mwanga wa ukingoni awe tayari saa 11:40, jua likiwa ngumi moja juu ya maji, na afanye kazi yake hadi linapobaki vidole viwili. Kuanzia duara la jua linapogusa maji hadi linapotoweka ni zaidi kidogo tu ya dakika mbili.

Turudi kwa jahazi letu linaloelekea kaskazini. Julai jua halizami magharibi kamili. Linazama digrii 21 hivi upande wa kaskazini, ambazo ni ngumi mbili kulia kwa magharibi. Jahazi likiwa magharibi yetu kamili, jua liko kulia kwake na mbele ya safari yake. Mwanga wa ukingoni basi unakaa upande wa kulia wa vitu: ukingo wa mbele wa mlingoti, uso wa omo, na uso wa nahodha anayetazama mbele. Mgongo wake uko gizani. Ukiona mstari wa dhahabu pande zote mbili za mlingoti, kuna majua mawili.

Na tanga? Hapo ndipo picha inapopata uhai. Jua liko upande wa pili wa kitambaa, sisi upande huu, kwa hiyo mwanga unapenya. Tanga haliwi jeusi kama ubavu wa chombo. Linawaka kwa ndani, rangi ya chungwa. Mishono inayoshuka kutoka kwenye foromali inaonekana kama mistari myeusi kidogo, kwa kuwa pale kitambaa ni mara mbili. Viraka vinaonekana vyeusi zaidi, kila kimoja na umbo lake. Kivuli cha mlingoti hakionekani juu ya tanga, kwa sababu jua halipiti kwenye mlingoti kabla ya kulifikia. Kinachoonekana ni mlingoti wenyewe, mbele.

Anayepiga kwa simu ajue kwamba simu hulainisha mambo yote kwa kuongeza mwanga gizani, na tanga likapauka. Gusa sehemu ya anga iliyo karibu na jua kwenye kioo cha simu, kisha shusha mwanga mpaka rangi ya tanga irudi. Ubavu wa chombo utaingia giza, na ndivyo unavyopaswa kuwa. Usitumie flashi, haifiki popote baharini.

Jua na upepo vinakwenda pamoja

Limebaki jambo moja linaloziunganisha sehemu zote. Tumeona kwamba Julai jua linazama kulia, na vyombo vyenye upepo mzuri vinaelekea kulia. Januari jua linazama kushoto, zaidi ya digrii 20 kusini mwa magharibi, na vyombo vyenye upepo mzuri vinaelekea kushoto. Katika misimu yote miwili jahazi linaloendeshwa na upepo wa nyuma linalielekea jua.

Hili si bahati. Katikati ya mwaka jua liko kaskazini mwa ikweta, linaipasha moto nchi kavu ya Asia, hewa ya huko inapanda, na hewa ya bahari ya kusini inavutwa kwenda kujaza: ndiyo kusi. Mwishoni mwa mwaka jua limehamia kusini, Asia imepoa, na hewa inarudi: ndiyo kaskazi. Upepo unalifuata jua, na vyombo vinaufuata upepo. Wafanyabiashara walioshuka kutoka Ghuba na kaskazi na kurudi na kusi walipanga mwaka wao wote juu ya jambo hili.

Kwa hiyo ukiiona picha ya jahazi la Zanzibar likienda na upepo wa mgongoni huku limelipa jua kisogo, usiikatae papo hapo. Wavuvi hurudi nyumbani kutoka pande zote, na upepo wa jioni hugeuka. Lakini muulize muuzaji imepigwa mwezi gani, kisha tazama demani imevutwa upande gani. Majibu hayo mawili yasipopatana, picha hiyo ilitengenezwa na mtu aliyelitazama jua tu.